Huyu bwana wa "pigeni tu namba ya chini hapo" atatumaliza salio

Zabibu Chachu (mleta uzi)

Mbukwenyi wadau. Mnamjua. Yule wa suti ya kijivu, kamera saa zote inaangalia pua yake. Simtaji, hata kuku wa Kibaigwa wanamjua.

Leo kwenye Zoom mwenzetu wa Mpwapwa hakuwa na data, kapiga namba ya simu kama alivyoelekezwa na huyo huyo bwana. Kaingia. Kwenye orodha ikatokea 255 na tarakimu za katikati zimefichwa, kama kawaida ya wanaopiga. Bwana mkubwa: "Nani huyu 255? Mtoeni, tapeli huyo!" TAPELI! Mtu anakatwa pesa ya Marekani kila dakika amsikilize yeye, kisha anaitwa tapeli!

Fuateni hesabu. Namba zote kwenye mwaliko zinaanza na +1. Hiyo ni simu ya nje ya nchi, inakula salio la kawaida. Tuseme mtandao wako unakata shilingi 1,200 kwa dakika. Ukiweka 10,000, una dakika 8 na sekunde 20, basi. Kuhesabiwa kunaanza pale mashine inapopokea, siyo pale bwana mkubwa anapokuruhusu. Dakika 1 inaishia kwenye kubonyeza namba ya kikao. Dakika 5 unasikiliza muziki kwenye chumba cha kusubiri kwa sababu yeye anasalimiana na wageni waalikwa. Zimebaki 2 na ushee, ndiyo unaingia, ndiyo unaitwa tapeli. Shilingi elfu kumi za kununua tusi!

Na nywila aliyotuma kwenye grupu ina herufi na alama ya mshangao. Kwenye kitochi, mashine inataka tarakimu. Mshangao unaubonyeza wapi, kwenye betri?

Mtera Mkavu

😂😂 "Shilingi elfu kumi za kununua tusi." Mkuu, pole, lakini nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Shemeji wa Bahi

Acheni kulia. Nunua bando la dakika za mitandao yote, unapiga hata saa nzima. Watu wa Dodoma mnapenda kulalamika.

Fundi Minara

Shemeji, umepatia nusu. Mitandao yote maana yake mitandao ya hapa nchini. Ukianza na +1 lile bando linakaa pembeni linakuangalia, inakatwa salio. Yapo mabando ya kimataifa, ila soma nchi zilizomo kabla ya kununua.

Kuhusu nywila, mleta uzi ana haki ya kukasirika, ila jibu lilikuwepo. Zoom ikiona nywila ina herufi, inatengeneza nyingine ya tarakimu kwa ajili ya wanaopiga. Tatizo, watu wananakili kiungo peke yake na kuacha mwaliko wote. Tafuteni mstari ulioandikwa One tap mobile, unakuwa hivi:

```
+1XXXXXXXXXX,,81234567890#,,,,*482915#
```

Mwanzo ni namba ya kupiga. Mkato ni kutulia kidogo ili mashine imalize kuongea. Kundi la kwanza lenye alama ya reli mwishoni ni namba ya kikao. Tarakimu zilizo baada ya nyota ndiyo nywila ya simu. Kwenye simu janja unagusa mstari wote, inajibonyeza yenyewe. Kwenye kitochi unabonyeza kwa mkono: namba ya kikao na reli, ikikuuliza namba ya mshiriki, reli tupu, kisha nywila na reli. Andika kwenye karatasi KABLA ya kupiga. Anayetafuta nywila wakati simu iko hewani anajilipia kujitafutia.

Zabibu Chachu

Asante fundi. Lakini "mtoeni tapeli huyo" ina nyota gani ya kubonyeza?

Fundi Minara

Hahaa. Hiyo dawa yake iko kwa mwenyeji. Unamtumia ujumbe mapema: "ninayeishia na 56 ni mimi." Ukiingia, anakubadilisha jina pale pale kwenye orodha. Na ukiongea wasikusikie, pengine umezimwa sauti: *6 inawasha na kuzima, *9 ni kunyoosha mkono. Ila mwenyeji akizuia watu kujiwashia, utaibonyeza *6 mpaka kidole kiote sugu.

Chemba Moja

Tafuteni namba zenye 800, zile ni za bure. Kila siku watu hawajui vitu vidogo.

Fundi Minara

Bure kwa aliye Marekani. Kutoka hapa ama haiiti kabisa, ama unakatwa kama kawaida.

Chemba Moja

Sisi tunapiga.

Fundi Minara

Na salio linabaki lile lile?

Mama Karanga

Mwanangu Zabibu, bando zuri ni la usiku. Unajiunga saa sita, asubuhi una GB za kutosha.

Mtera Mkavu

Mama, kikao ni saa nne asubuhi 😂

Mtumba Hauna Kivuli

Naomba niwakosoe wote. Kama mnara upo na shida ni bei tu, kupiga namba ya Marekani ni kujichoma. Sauti peke yake kwenye Zoom inakula kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde. Chukua 80: saa nzima ni MB 36. Zidisha mara mbili kwa kwenda na kurudi, MB 72. Linganisheni na dakika 60 kwa ile 1,200 ya mleta uzi, ni 72,000. MB 72 dhidi ya shilingi 72,000! Kinachomaliza bando ni picha za watu. Kuzima kamera yako hakutoshi, unaendelea kupakua za wenzako. Kwenye simu washa Safe Driving Mode, picha zinakata, unabaki na sauti. Namba ya simu iwe ya pale ambapo data haipo kabisa.

Zabibu Chachu

Mpwapwa data haikuwepo KABISA. Ndiyo akapiga. Ndiyo akaitwa TAPELI.

Mtumba Hauna Kivuli

Basi mmoja mwenye mtandao angempigia simu ya kawaida, akaweka spika karibu na kompyuta. Dakika za hapa hapa, bando la Shemeji linafanya kazi.

Shemeji wa Bahi

Nilisema mimi.

Fundi Minara

Ila sauti ya kompyuta inarudi kupitia ile simu, mwangwi mpaka masikio yaume. Mwenye kompyuta azime maiki kila mwingine anapoongea. Safi zaidi, watu wakiwa wanne watano: waunganishe simu za kawaida, Zoom ipumzike.

Mtera Mkavu

Bwana mkubwa aunganishe simu? Pua yake itaonekana wapi?

Kondoa Express

Mimi kero yangu ni posho ya bando. Wanapewa wenye laptop na Wi-Fi ya ofisi. Wa kitochi anaambiwa alete risiti. Risiti ya vocha ya kukwangua mnaijua nyie?

Mama Karanga

Hiyo ya posho ndiyo kweli. Na chai je? Wa ofisini wanakunywa na sambusa huku wamewasha maiki, mnasikia wanavyotafuna.

Kondoa Express

SAMBUSA MAMA! Kikao kilichopita kuna mtu alitafuna ajenda namba 3 yote.

Chemba Moja

Alikuwa yule yule wa suti.

Zabibu Chachu

Jamani uzi ni wa tapeli.

Kondoa Express

Sambusa zilikuwa za nyama au za dengu?