Simu ya shangazi imekataa laini

*Kikundi: Ukoo wa Bibi Kissa, Uyole*

Atupele: Shikamooni wakubwa. Simu aliyotuma shangazi Tusa imefika salama, ni Samsung nzuri kweli. Ila nikiweka laini yangu ya Voda inakataa. Inaleta kisanduku kimeandikwa `SIM network unlock PIN`, inataka niandike namba. Nimeweka na Airtel ya mama, hali ileile. Waifai inashika vizuri tu.

Mjomba Anyosisye: Marahaba mwanangu. Hapo laini imejifunga. Piga huduma kwa wateja wakupe PUK, uingize, itafunguka. Yangu iliwahi kufanya hivyo.

Atupele: Mjomba, laini zote mbili nikizirudisha kwenye kitochi zinapiga kama kawaida.

Mama Neema: Hiyo ni deni! Hata yangu ya mkopo nilipochelewa rejesho ilijifunga, skrini nzima maandishi ya kunidai. Nikalipa, ikafunguka palepale. Ulizeni kama ina deni.

Lusajo: Nilikuwa na wateja hapa Kabwe, nimesoma sasa hivi. Atu, usiandike namba yoyote kwenye hicho kisanduku. Hata 0000 usijaribu.

Atupele: Sijaandika kitu. Nilitaka kuanza na 1234 😅

Lusajo: Acha kabisa. Majaribio yana kikomo. Ukiyamaliza, hata namba sahihi ikija simu haiipokei tena, na kuitoa hapo ni kazi nyingine.

Mjomba, PUK inahusu laini. Laini ikidai PUK, itaidai kwenye simu yoyote utakayoiweka. Hizi za Atu zinafanya kazi kwenye kitochi, kwa hiyo laini ni nzima. Simu yenyewe ndiyo imefungwa kwa mtandao wa kule ilikouzwa. Kila laini inabeba namba za nchi na kampuni yake, na zetu za Tanzania zinaanza na 640. Simu inazisoma, inaona si za mwenyewe, inakataa. Vodacom au Airtel wa hapa hawana la kufanya, hawakuifunga wao.

Na ya Mama Neema ni kufuli jingine. Ile ya mkopo inafunga simu nzima. Hii ya Atu picha inapiga, waifai inashika, inakataa laini tu.

Mama Neema: Haya. Lakini deni linaweza kuwepo.

Lusajo: Hapo mama umegusa penyewe, nakuja huko. Shangazi Tusa aliichukua kampuni gani?

Mjomba Anyosisye: Mbona ya Baba Sifa iliyotoka London haikusumbua? Aliweka Halotel siku hiyohiyo.

Lusajo: Uingereza kampuni za simu zimekatazwa kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021. Kanada walianza mapema zaidi, Desemba 2017. Marekani bado zinauzwa zimefungwa, kwa hiyo za kutoka huko ndizo zinazotuletea kazi hapa.

Mjomba Anyosisye: Basi kuna kijana Mwanjelwa anafungua na kompyuta, anachomeka waya. Ampelekee. Au waifute yote ianze upya.

Lusajo: Kuifuta hakusaidii, mjomba. Kufuli halikai pamoja na picha na programu, liko sehemu inayoshughulika na mtandao. Atafuta kila kitu na kisanduku kitarudi vilevile.

Mafundi wa waya wapo, sikatai, na simu za zamani zilikubali. Hizi mpya nyingi zinagoma, na wengine wanakwenda mpaka kuchezea IMEI. Kubadilisha IMEI ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Halafu ile IMEI halisi ndiyo kampuni inayoitumia kutoa namba ya kufungulia. Ikiharibiwa, njia halali imekufa.

Tumaini Mafinga: Samahani nadandia. Mimi kuna mtu ananiuzia aifoni iliyotumika. Nitajuaje kama nayo imefungwa?

Lusajo: Kabla hujatoa hela ingia `Settings`, `General`, `About`, ushuke mpaka `Carrier Lock`. Ikisomeka `No SIM restrictions` iko huru. Ikiwa na maneno mengine, iache. Aifoni haina kisanduku cha kuandika namba. Kampuni iliyoifunga ndiyo inaiachia kupitia Apple, na simu inapata taarifa kwa intaneti. Ukiambiwa "nakuuzia namba ya kufungulia aifoni", ondoka.

Shangazi Tusa 🇺🇸: Ndaga wapendwa, nilikuwa kazini. Atu pole mwanangu, sikujua kama ingesumbua. Niliichukua AT&T, nikaitumia miezi mitatu hivi. Ni ile ya kulipa kidogo kidogo, miezi 36.

Mama Neema: Nilisema mimi.

Lusajo: Shikamoo shangazi. Basi kizuizi ni hicho. AT&T wanataka simu iwe imelipiwa yote, iwe imetumika kwenye mtandao wao siku zisizopungua 60, akaunti iwe haina matatizo, na isiwe imeripotiwa imepotea au imeibwa. Siku 60 umepita. Kilichobaki ni salio la simu.

Mjomba Anyosisye: Simu iko Uyole, watamdai nani? Aache tu kulipa.

Lusajo: Watamdai yeye mjomba, jina lake ndilo liko kule. Na simu ya mteja asiyelipa inaweza kuzuiwa kwa IMEI. Hiyo ni balaa tofauti, namba ya kufungulia haiiondoi.

Shangazi Tusa 🇺🇸: Siwezi kuacha deni, nina familia hapa. Nikimaliza salio, naenda dukani kwao?

Lusajo: Hapana, unaombea mtandaoni. Malipo yakishaonekana kwenye akaunti ingia `att.com/deviceunlock`, ujaze IMEI ya simu hiyo na barua pepe yako. Watakutumia ujumbe wenye kiungo cha kuthibitisha, ukibonyeze ndani ya saa 24, ukichelewa unaanza upya. Jibu linakuja kwa kawaida ndani ya siku mbili za kazi. Kwa Samsung wanatuma namba pamoja na maelekezo. Simu haihitaji kurudi huko.

Atu, piga `*#06#`, itakuja namba ya tarakimu 15. Mtumie shangazi pembeni, usiiweke hapa kikundini. Mwambie aisome mara mbili, tarakimu moja ikikosewa wanakataa.

Atupele: Namba ikija naandika hapohapo kwenye kisanduku?

Lusajo: Ndiyo. Zima simu, weka laini ya hapa, washa, kisanduku kitakuja. Andika polepole ukiitazama. Ikikubali mara moja imetosha, hata ukibadilisha laini kesho. Namba hiyo ni ya simu hiyo tu, binamu asije akaazima kwa ajili ya yake.

Ila nisikufiche, simu za Marekani si zote zina masafa yote ya 4G ya huku. Inaweza kufunguka halafu huko shambani ikashika 3G tu. Hilo tutaliona ikishafunguka.

Shangazi Tusa 🇺🇸: Nimeangalia salio sasa hivi. Si dogo. Nipeni mpaka mwisho wa mwezi nizungumze na mume wangu. Ikishindikana kuna mtu anakuja Tanzania Desemba, nitampa nyingine iliyo huru, na hii anirudishie.

Atupele: Hakuna shida shangazi, nakutumia IMEI sasa hivi. Kwa sasa naitumia na waifai ya ofisini.

Mama Neema: Lusajo, na ile yangu ya mkopo nikimaliza marejesho yote, maandishi yao yatatoka kabisa au nije nayo Kabwe?

Lusajo: Njoo nayo mama, na ujumbe wa malipo ya mwisho usiufute.