Kemia 7, Kiingereza 3: ashike lipi kwanza?

Kutoka: Bi Salma, Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mwanangu yuko Leicester kwa ami yake mwaka wa tatu sasa. Matokeo ya GCSE, mtihani wa huko Uingereza wa watoto wa miaka 16, yametoka, na kwao 9 ndiyo ya juu, 1 ya chini: Kemia 7, Baiolojia 7, Hesabu 6, Kiingereza 3. Anataka kusomea ufamasia. Koleji imempokea, lakini wamemwambia lazima arudie Kiingereza. Yeye anasema Kemia ndiyo ya ufamasia, basi aipandishe hiyo kwanza na Kiingereza kitakuja chenyewe. Ami yake hajui la kusema. Nami huku Wete nitajuaje?

Kutoka: Khamis, Muscat

Waalaykum salaam Bi Salma. Mimi nilipata Kiingereza D kidato cha nne kule Chake na nimefika. Mtihani wa Taifa unahesabu masomo saba bora, kwa hiyo lililoharibika unalificha nyuma ya mengine. Asihofu.

Kutoka: Mwanaidi, London

Ami Khamis, hiyo ni hesabu ya nyumbani. Huku hawajumlishi. Vyuo vingi vya ufamasia vinataka Kiingereza na Hesabu angalau 4, na asiyekuwa nayo hizo 7 zake hazitazamwi. Ila zipo njia za pembeni: afanye IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, au apeleke Fasihi ya Kiingereza kama alipasi.

Kutoka: Mwalimu Juma, Birmingham

Bi Salma, nimefundisha darasa la wanaorudia miaka mingi. Mwanaidi kasema kweli kuhusu mlango, si kuhusu njia za pembeni. IELTS chuo hiki kinaweza kuikubali badala ya GCSE na kile kikaikataa. Fasihi nayo si kila chuo kinaikubali badala ya Kiingereza cha lugha. Na huko koleji, aliyepata 3 na anasoma kutwa anatakiwa kurudia GCSE yenyewe.

Sasa kipaumbele. Kemia ikipanda kutoka 7 hadi 8 haifungui kitu, koleji imeshampokea. Kiingereza kikitoka 3 hadi 4 mlango unafunguka. Aliyemaliza umri wa miaka 16 kufikia tarehe 31 Agosti anaweza kurudia Novemba, na matokeo hutoka Januari. Usajili hufungwa mapema Oktoba, kwa hiyo ami yake aulize wiki hii. Akikosa Novemba, ipo ya Mei na Juni.

Kabla hajafungua kitabu, aombe skuli aliyofanyia mtihani mchanganuo wa alama kwa kila swali. Alifanya bodi gani?

Kutoka: Bi Salma

AQA. Ami yake kaupata huo mchanganuo. Kusoma 36 kati ya 80. Kuandika 31 kati ya 80. Alipungukiwa na alama 9.

Kutoka: Mwalimu Juma

Ahsante, hapo pana habari yote. Karatasi ni mbili, kila moja saa moja na dakika 45, nusu ya alama ni kusoma na nusu ni kuandika. Katika zile 40 za kuandika za kila karatasi, 24 ni za maudhui na mpangilio, 16 ni za usahihi: herufi, vituo, sarufi. Muulize alibakiwa na dakika ngapi za kuandika. Vijana wengi hung'ang'ania maswali ya kusoma, insha ikapata dakika 20. Inataka 45.

Kwa watoto wetu makosa ni yale yale. Wanaunga sentensi tatu kwa mkato pale panapotaka nukta. Wanachanganya mwanamume na mwanamke, kwa sababu sisi tuna "yeye" mmoja tu. Wakati uliopita na uliopo vinapishana katika aya moja. Haya yanarekebishika kwa wiki nane, na alama 9 zinaweza kutoka humo humo. Kupanda katika swali gumu la kusoma ni kazi ndefu zaidi.

Akiwa na saa sita za kujisomea kwa wiki, tatu ziende Kiingereza mpaka Novemba: insha mbili za dakika 45 kila moja akitazama saa ya ukutani, na saa moja na nusu ya kuzisahihisha na mtu. Akiandika asisahihishwe, atazoea kosa lake.

Kutoka: Mwanaidi

Mwalimu, saa tatu nyingi. Kemia ya koleji ni nzito, mwanangu alianguka mtihani wa kwanza wa ndani.

Kutoka: Mwalimu Juma

Ndiyo maana nimesema mpaka Novemba. Kama anasoma masomo manne, hilo la nne ndilo la kulitazama, si Kemia.

Kutoka: Bi Salma

Anasoma manne. Kakubali insha, kakataa kuacha la nne. Na vyuo, vinamkubali aliyerudia?

Kutoka: Mwalimu Juma

Vingi ndiyo, lakini vipo vinavyotaka alama zilizopatikana kwa mkao mmoja. Ami yake aviandikie vyuo vyake vyote barua pepe sasa, na majibu ayahifadhi.