Tupeane uzoefu: mlioandikisha wanafunzi wa zamani kwa mwaka wa kumaliza skuli

MtotoWaWete
Asalaam aleikum. Tunaandaa mkutano wa tuliosoma skuli moja hapa Wete. Ada tumeipanga kwa mwaka: waliomaliza 2010 kurudi nyuma 30,000, 2011 hadi 2019 20,000, na kuanzia 2020 10,000, maana wengi wao bado wanatafuta kazi. Sasa kuna mwenzetu aliingia kidato cha kwanza 2008, akatoka skuli akiwa kidato cha pili 2009. Daftari linamdai 30,000, na alioanza nao wanalipa 20,000. Ameona ameonewa, na mimi namuunga mkono. Nyinyi mlifanyaje?

Mhazini_Mjini
Waaleikum salaam. Sisi fomu yetu iliuliza mwaka wa kuingia kidato cha kwanza, mwaka wa kutoka, na kidato alichotokea. Ada ikafuata walioingia pamoja: chukua mwaka wa kuingia, ongeza mitatu. Huyo wako anahesabiwa wa 2011, alipe 20,000 kama wenzake. Mwaka wa kutoka ubakie kwenye daftari kama kumbukumbu tu.

BintiKonde
Na aliyekuja kidato cha tano kutoka skuli nyengine?

Mhazini_Mjini
Hapo tulibishana sana. Tuliwaacha wachague kundi, na wapo waliochagua la bei ndogo. Sijaona dawa yake.

SheheWaZamani
Mimi naona mnajisumbua. Andikeni majina matatu na namba ya simu, basi.

BintiKonde
Majina matatu hayatoshi, ami. Kwetu walikuwepo kina Fatma Ali Juma wawili, darasa moja. Ada ya mmoja ikaandikwa kwa mwengine, na aliyelipa akapigiwa simu kudaiwa mbele ya wakwe zake. Jina la nne na kijiji alichokuwa akitokea ndivyo vilivyowatenganisha. Ila kwenye simu uko sawa, na muulize namba mbili: ya kupigia na ya WhatsApp. Kuna watu laini imekufa zamani lakini WhatsApp ya namba ile bado wanaitumia. Ukipiga haipatikani, ukamfuta, kumbe ujumbe ungemfika.

Niko_Maskati
Mimi nilimaliza 2003, niko Oman. Nitalipaje? Nimtumie kaka yangu Chake?

Mhazini_Mjini
Mtumie, lakini pesa itaingia kwa jina lake na hapo ndipo hesabu hupotea. Akishalipa, akupe namba ya muamala, uitume wewe mwenyewe kwa mhazini pamoja na majina yako manne na mwaka wa kuingia. Mhazini asiweke alama ya kulipa kwa picha ya ujumbe peke yake, aitafute namba ile kwenye taarifa ya simu yake kwanza.

MtotoWaWete
Shukran. Leo usiku naongeza mwaka wa kuingia kwenye fomu, na mwenzetu nimeshamwambia alipe 20,000. Wa kidato cha tano nawapeleka kwenye kamati Ijumaa. Mwenye kauli juu yao aseme kabla.