Naomba ushauri: zawadi za sikukuu kwa watoto wanne, fungu moja

Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri kabla sijaanza manunuzi.

Nina watoto wanne: wa miaka 14, 9, 6 na 3. Fedha ya zawadi nimeshaitenga na siongezi hata kidogo, maana baada ya sikukuu kuna ada.

Mwaka jana niligawa fedha sawa kwa kila mmoja. Kwenye karatasi ilikuwa haki tupu. Siku yenyewe, mdogo alifungua vifurushi vitano, kwa kuwa vitu vya umri wake ni rahisi, na kaka yao akapata kiboksi kimoja cha spika ya masikioni. Huyu wa miaka 6 hajui bei, anahesabu vifurushi tu, akaanza kuuliza kwa nini mwenzake ana vingi. Mkubwa naye bei anazijua zote, huwezi kumdanganya.

Safari hii nafikiria kila mtoto apate vifurushi viwili: kimoja anachokitaka, kingine cha matumizi, kama nguo, ambayo ningenunua hata hivyo. Tatizo ni kwamba mkubwa anataka viatu vya mpira vinavyomeza karibu nusu ya fungu lote.

Maswali yangu ni mawili. Mnalinganisha idadi au thamani pale umri unapotofautiana hivi? Na hivyo viatu, nimpe kiasi cha fungu lake ajazie kwa akiba yake, au nivihesabu kuwa zawadi yake ya sikukuu na ya kuzaliwa kwa pamoja?