Hivi humu kuna mtu bado anaandika maneno yake mwenyewe, au wote mmekuwa fotokopi?

Msumari wa Moto (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika huku natetemeka, herufi zikidondoka mtaziokota.

Yule jamaa mnamjua wote. Simtaji. Yule yule ambaye ukimuuliza saa anakujibu kwa gazeti zima. Leo zamu yangu ilifika.

Niliuliza swali la mstari mmoja: printa yangu inatoa karatasi nyeupe na wino umejaa, nifanyeje? Nikatanguliza na "samahani", kama mtu aliyelelewa. Jamaa akaja akashusha maandishi marefu hadi kidole kikachoka kabla sijafika mwisho. Kwamba mimi si chochote. Kwamba yeye ni komando aliyeongoza darasa lake, ameua watu zaidi ya 300, amebobea katika VITA VYA SOKWE, anaweza kuniua kwa njia zaidi ya 700 kwa mikono mitupu, na kwamba muda huu majasusi wake wanatafuta ninapokaa. Kisa printa!

Nikamjibu kwa utulivu, hoja kwa hoja. Nikamwambia kaka, sijakutukana, soma tena swali langu. Nikamuuliza hao sokwe wanaingiaje. Nikamshauri kwamba kama jeshi limemwachia majeraha ya moyo, wapo watu wa kuongea nao. Aya baada ya aya, zote kutoka kichwani kwangu.

Ndipo akaja wa pili na maneno yale yale. Akaja wa tatu, yale yale mpaka nukta. Halafu modi, MODI, mtu tuliyemkabidhi funguo za nyumba, akaandika: "Mkuu, sokwe hawana dhamana na printa." Jukwaa zima likalala kwa kicheko.

Kumbe ni kichekesho cha kukopi na kupesti, na wote walikijua isipokuwa mimi. Sasa nauliza: mtu ana vidole kumi na akili timamu, anashindwaje kunitungia tusi langu? Nitukane kwa jasho lako bwana! Na nimesema modi alicheka? Alicheka.

Kiti cha Mbele

Nimewahi siti. Mwenye nakala ya zile aya za ushauri nasaha kwa komando aniwekee hapa tafadhali.

Bi Tulivu

Pole mkuu. Ila ulipofika kwenye sokwe hukushtuka hata kidogo?

Msumari wa Moto

Nilishtuka dada, ndiyo maana nikauliza! Nikaletewa sokwe wengine wawili. Na modi akacheka.

Fundi wa Jioni

Printa ni ya wino wa maji? Ikikaa muda mrefu bila kazi, wino hukauka kwenye vitundu vya kichwa cha kuchapia. Chapisha ule ukurasa wa kupima vitundu. Ukiona mistari imekatika, endesha usafishaji mara moja, upime tena. Usiurudie mfululizo maana unamaliza wino bure. Na kama katriji ni mpya, angalia kama ule utepe wa plastiki umebanduliwa.

Kiti cha Mbele

Huyu ndiye pekee aliyesoma swali la printa, na amelijibu kwenye uzi usiohusu printa.

Kichwa Ngumu

Ni uvivu tu, hakuna cha zaidi. Na usijali, hizi zinakufa. WhatsApp walishabana, ujumbe hauendi kwa zaidi ya watu 5. Zilizobaki humu ni masalia.

Mhariri Mstaafu

Mzee, hapo umepata nusu. Kilichobanwa ni kitufe cha kusambaza. Tangu 2019 unasambaza kwenda gumzo 5 kwa mkupuo, na ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi unabeba mishale miwili, na tangu 2020 unakwenda gumzo moja moja. Lakini ukiubonyeza, ukaukopi, ukaupesti kwingine, programu inauona kama umeuandika sasa hivi. Hauna mshale wala alama yoyote. Cha kusambazwa kinafika na muhuri wa mtumba, cha kupestiwa kinafika kama umekitunga wewe.

Na uvivu hauelezi alichofanyiwa Msumari. Mvivu angetuma emoji akalale. Huyu alikwenda kulitafuta komando, akalileta zima zima, akalishusha mahali ambapo halikuhusiana na chochote. Huo mpishano ndio kichekesho: swali dogo la adabu, jibu la vita vya dunia. Ukilifupisha liwe mistari mitatu, halichekeshi tena. Urefu wenyewe ndio nusu ya utani.

Sokwe nao wana kisa. Maandishi hayo asili yake ni Kiingereza, na kufikia 2012 yalikuwa yanazunguka majukwaa ya huko. Ndani yake kuna kosa la tahajia: palipotakiwa "guerrilla", neno la vita vya msituni, pakaandikwa "gorilla", yaani sokwe. Mamilioni ya macho yamepita hapo na hakuna anayelirekebisha. Aliyetafsiri humu naye akamtafsiri sokwe kama alivyo. Ukimwondoa, wenzako wanajua hapo hapo kwamba hukielewi unachokibeba.

Kichwa Ngumu

Kwa hiyo kosa linatunzwa makusudi? Hao ni wagonjwa.

Mhariri Mstaafu

Linatunzwa kwa sababu ndilo linalotenganisha wenyeji na wageni. Mtu hapesti komando ili akuchekeshe wewe usiyemjua. Anawakonyeza wale wanaomjua, na wao wanajibu kwa kuyarudia maneno yale yale. Angeandika tusi lake jipya, lingekuwa tusi tu, ungemjibu mkagombana. Ila hapa palikuwa na mtego, na mtego hauna raha mpaka apatikane mtu wa kumjibu komando kwa dhati. Jukwaa zima lilikuwa linamsubiri mtu kama wewe.

Msumari wa Moto

Yaani unaniambia nilikuwa sehemu ya burudani?

Kiti cha Mbele

Sehemu gani mkuu, ulikuwa ndiyo burudani.

Bi Tulivu

Mimi nadhani kuna woga pia. Ukiandika utani wako mwenyewe halafu ukadoda, umedoda wewe. Ukipesti ukadoda, unasema "si mimi, nimeuokota". Nina shemeji hajawahi kuandika sentensi yake kwenye grupu la ukoo tangu lifunguliwe, lakini ana kwa ana anavunja mbavu. Akiona kibodi anaganda.

Mama Wawili

Kwetu ni mama mdogo. Alibandika lile tangazo refu la kuikataza Facebook kutumia picha zake, lenye vifungu vya sheria na mkataba wa Berner. Nikamwambia mama, halifanyi kazi. Akanijibu "hata kama, kuweka kunapunguza nini?" Wiki hiyo hiyo kila shangazi akawa nalo.

Mhariri Mstaafu

Hilo nalo lina sokwe wake. Mkataba wenyewe ni wa Berne, 1886. Lilipovuma mwaka 2012 lilisomeka Berner, na watu wakalibeba na hiyo "r" yake. Tofauti ni kwamba kwenye komando kosa linalindwa kwa kujua, kwenye tangazo linapita kwa sababu hakuna anayesoma. Mtazamaji wa nje hawezi kuyatofautisha, kote anaona herufi zile zile.

Kuna watafiti waliowahi kufuatilia maandishi ya namna hii ndani ya Facebook yenyewe. Mojawapo lilikuwa statasi ya Septemba 2009 kuhusu matibabu: hakuna anayepaswa kufa kwa kukosa fedha za tiba, na kama unakubali weka hii iwe statasi yako hadi siku iishe. Watu zaidi ya 470,000 waliiweka neno kwa neno. Wengine wakagusa kidogo. Mmoja akatanguliza maneno ya "anafikiri kwamba", ili yaungane na jina lake mbele, na toleo hilo nalo likakopiwa mara 60,000. Kwingine "hadi siku iishe" ikageuka "kwa saa 24 zijazo". Ukiwaza kidogo unaelewa: aliyeikuta usiku wa manane alikuwa hana siku iliyobaki. Hatimaye akatokea mtani akaondoa matibabu akaweka bia, na sentensi ikaendelea kusimama vizuri tu.

Hapo ndipo wanapotokea hata wale wanaoandika. Hawaanzi kutoka sifuri. Wanachukua kiunzi kinachojulikana, wanabadilisha neno moja, na msomaji anacheka kwa sababu anasikia la zamani nyuma ya jipya.

Kichwa Ngumu

Mimi bado nasema uvivu. Kubadilisha neno moja halafu ujiite mtunzi?

Mpita Njia 7

Wakuu, naandika huku natetemeka, herufi zikidondoka mtaziokota. Yule mchumba mnamjua wote. Simtaji. Niliuliza swali la mstari mmoja: mpenzi wangu hajibu simu na salio limejaa, nifanyeje? Nikatanguliza na "samahani", kama mtu aliyelelewa. Na nimesema mama mkwe alicheka? Alicheka.

Kiti cha Mbele

Hahaha, imeshaanza. "Kama mtu aliyelelewa" naihifadhi.

Msumari wa Moto

Ondoa hiyo! Modi, ondoa! Hayo ni maneno yangu!

Mhariri Mstaafu

Angalia alichoacha na alichokiondoa. Kaacha kutetemeka, kaacha "simtaji", kaacha "alicheka? Alicheka". Aya yenye hoja yako ya jasho kaitupa yote. Vilivyobaki ni vile vinavyorudiwa na vyenye mapigo, ambavyo mtu anaweza kuvikumbuka bila kurudi juu. Sijui kama hilo linakufariji.

Msumari wa Moto

Halinifariji.

Bi Tulivu

Lakini Mhariri, swali lake bado liko pale pale. Komando la kwanza lazima kuna mtu alikaa akaliandika. Aliliandika kwa hasira ya kweli au alikuwa anawakejeli wenye hasira?

Mhariri Mstaafu

Kila mtu ana lake. Mimi naona ni kejeli, yale mauaji 300 yamepangwa vizuri mno. Ila nimeshakutana na watu mtandaoni wanaojigamba hivyo hivyo bila kutania.

Mama Wawili

Afadhali nyie mnaletewa maandishi, maandishi unayaruka kwa kidole. Mimi kuna mtu, mnamjua wa aina hiyo, anatuma voisi ya dakika nane kusema "nimekuona". Dakika mbili za kwanza anakohoa. Huwezi kuruka maana hujui jambo liko wapi.

Kichwa Ngumu

Sikiliza kwa kasi mara mbili.

Mama Wawili

Nimejaribu. Anakohoa mara mbili kwa kasi.

Fundi wa Jioni

Voisi bado nafuu. Kuna wanaopiga picha ya skrini ya kompyuta kwa simu, imeinama, mwanga umepiga katikati, halafu anakuandikia "kosa ndilo hilo". Kosa lipi? Naona dirisha na pazia.

Kiti cha Mbele

Na wanaoandika "habari" halafu wanakaa kimya mpaka ujibu, je? Hao wafunguliwe uzi wao.

Bi Tulivu

Fungua wewe, mimi nakuja na ushahidi.

Mpita Njia 7

Msumari, nauliza kwa nia njema kabisa, ulishatoa ule utepe wa plastiki?