Jino la pinioni limekatika shinani: hesabu mbili zinanipa majibu mawili, nifuate ipi?

Pinioni18

Wakuu, habari zenu. Nina pinioni ya meno 18, moduli 4, pembe ya msukumo nyuzi 20, upana wa jino 40 mm. Inaendesha gia ya meno 54. Shafti ya pinioni inazunguka mara 120 kwa dakika ikiwa na mzigo wa kilowati 5.5. Chuma ni cha kaboni ya wastani ambacho hakijatiwa ugumu: kinakatika kwenye 600 N/mm² hivi, na kinaanza kupinda bila kurudi kwenye 340 hivi. Jino moja lilikatika shinani baada ya miezi kadhaa ya kazi, kisha la jirani likafuata.

Nguvu kwenye duara la pichi naipata 12,160 N. Nimelichukua jino kama boriti fupi iliyoshikwa upande mmoja, nguvu ikiwa nchani. Kwanza nimetumia urefu wote wa jino, 9 mm, na unene wa kwenye duara la pichi, 6.28 mm. Halafu nimetumia kanuni ya Lewis:

```
6*F*h/(b*t^2) = 6*12160*9/(40*6.28^2) = 416 N/mm2
F/(b*m*Y)     = 12160/(40*4*0.309)    = 246 N/mm2
```

Ya kwanza inasema jino lilipaswa kupinda siku ya kwanza. Ya pili inasema liko salama. Lenyewe halikupinda, limekatika tu baadaye. Ipi ni sahihi? Na je, moduli kubwa zaidi itanisaidia?

Nyundo_Nzito

Mkuu, hata mimi nina gia inanisumbua. Uso wa meno umejaa vishimo vidogo vidogo karibu na mstari wa pichi, vinazidi kuongezeka. Nilibadilisha mafuta, havikukoma. Chuma changu pia hakijatiwa ugumu. Nadhani tatizo letu ni moja, hizi gia laini hazifai.

Bi Shafti

Nyundo, lako ni jingine. Vishimo vinatokana na mgandamizo pale nyuso mbili zinapogusana, na dawa yake ni ugumu wa uso na unene wa utando wa mafuta. Jino la mwenzako linapindwa kama boriti na kukatikia chini. Gia inaweza kuwa na nyuso safi kabisa na bado meno yakang'oka. Fungua uzi wako, nitakuja.

Pinioni18, kati ya hizo mbili shika ya Lewis, ila usiishie hapo. Hesabu yako ya kwanza imekosea mahali pawili, na yote mawili yamepandisha jibu. Jino linanenepa kadiri unavyoshuka, kwa hiyo kwenye sehemu dhaifu shinani si 6.28 mm tena. Kwa meno 18 ya moduli 4 unene pale ni karibu 7.8 mm. Kwenye kanuni unene unazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo tofauti hiyo peke yake inapunguza mkazo kwa zaidi ya theluthi. Pili, nguvu haisukumi jino kwa pembe mraba kamili. Inaingia kwa mwelekeo wa mstari wa msukumo, na ukiuendeleza mstari huo ndani ya jino, unakata mstari wa katikati chini ya ncha. Urefu wa boriti unapimwa kutoka hapo hadi sehemu dhaifu, ambayo nayo iko juu kidogo ya sakafu ya jino. Kwako unatoka karibu 8.2 mm. Weka hivyo viwili kwenye kanuni yako ya kwanza, utapata 246 ileile.

Ndiyo kazi aliyoifanya Wilfred Lewis alipowasilisha kanuni yake Philadelphia mwaka 1892. Alichora parabola ndani ya jino, kilele kikiwa pale mstari wa nguvu unapokata katikati, kwa sababu boriti yenye umbo la parabola ina mkazo sawa urefu wake wote. Pale parabola inapogusa kingo za jino karibu na shina ndipo palipo dhaifu kuliko kwingine. Y ni umbo hilo lililogeuzwa kuwa namba.

Sasa niambie: ufa ulianzia wapi? Tazama uso wa mvunjiko kwenye mwanga wa pembeni. Utaona sehemu laini yenye mistari kama mawimbi, na sehemu iliyokatika ghafla yenye chembechembe. Mistari ya mawimbi inazunguka mahali ufa ulipozaliwa. Ni katikati ya upana au kwenye ncha moja?

Kikata

Bi Shafti kaeleza vizuri, ila naona hata 246 imezidishwa. Gia ya 18 kwa 54 ina uwiano wa mgusano wa 1.65 hivi. Maana yake mzigo unapokuwa kwenye ncha ya jino, jozi nyingine ya meno tayari imegusana na inasaidia kubeba. Jino halibebi mzigo wote likiwa limeshikwa nchani. Linaubeba peke yake pale mgusano ukiwa umeshashuka, karibu zaidi na pichi, na hapo boriti ni fupi. Kwa hiyo mkazo halisi ni mdogo, na mimi ningelaumu chuma. Ama aongeze moduli tu yaishe.

Bi Shafti

Hiyo ni kweli kwa meno yaliyokatwa kwa usahihi mkubwa. Meno mawili yagawane mzigo, lazima nafasi kati yao iwe sawa kabisa. Likichelewa moja kwa mikroni ishirini au thelathini, lingine linabeba karibu wote, na kwa meno ya kufreza yasiyosagwa tofauti hiyo ni ya kawaida. Ndiyo maana kwa gia kama hii naacha mzigo wote nchani.

Tena kuna la kuongeza, wala si la kupunguza. Kanuni ya boriti haijui kona. Jino lina urefu karibu sawa na unene wake, na chini linaungana na mwili wa gia kwa mviringo mdogo. Mkazo unajikusanya pale. Dolan na Broghamer waliupima mwaka 1942 kwa vielelezo vya plastiki inayoonyesha mkazo kwa mwanga. Nikitumia kanuni yao kwa jino hili, mviringo wa shina ukiwa 1.5 mm, napata nyongeza ya mara 1.43. Ukiwa 0.5 mm, kama kikata kilikuwa na kona kali, ni mara 1.66. Kwa hiyo 246 inakuwa kati ya 350 na 410 kwenye ngozi ya shina.

Hapo ndipo fumbo la Pinioni18 linapofunguka. Mkazo huo uko mahali padogo mno, hauwezi kulipinda jino zima, kwa hiyo siku ya kwanza hakuna kilichoonekana. Lakini kila jino linapindwa mara moja kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 120 kwa dakika, saa nane kwa siku, hiyo ni mara 57,600. Mara milioni moja zinatimia katika muda usiofika wiki tatu. Chuma cha 600 kilichofrezwa bila kusagwa hakitegemewi kuvumilia 350 hadi 410 kwa mamilioni ya mara. Kinachoka, kinafanya ufa, ufa unatembea. Kulinganisha 246 na 340 ni kulinganisha vitu viwili visivyohusiana.

Pinioni18

Asante sana, dada. Nimetazama mvunjiko. Mawimbi yanazunguka kona moja, ile ya upande wa beringi, na yameanzia upande wa uso unaosukumwa. Nilidhani yangeanzia upande wa pili, kwani ndio unaogandamizwa zaidi: nguvu ina sehemu inayosukuma kuelekea kitovu, nayo inaongeza mgandamizo.

Pinioni imekaa mwisho wa shafti, beringi zote mbili ziko upande mmoja. Nimepaka rangi ya buluu nikazungusha kwa mkono, alama imeenea upana wote vizuri. Ila meno ambayo hayajakatika yana mng'ao upande wa beringi tu, karibu theluthi ya upana.

Bi Shafti

Hesabu yako ya mgandamizo ni sahihi. Sehemu hiyo ya nguvu inatoa karibu 14 N/mm², inapungua upande wa mvutano na kuongezeka upande wa pili. Lakini ufa wa uchovu unahitaji kufunguliwa ili ukue, na mgandamizo unaufumba. Kwa hiyo kuanzia upande unaosukumwa ni jambo la kawaida.

Hiyo kona ndiyo habari kubwa. Ukizungusha kwa mkono hakuna mzigo, shafti imenyooka, buluu inaenea. Ukiweka mzigo, gia inaisukuma pinioni, shafti inapinda, na ncha ya nje inakimbia zaidi kuliko ile ya karibu na beringi. Mgusano unabaki ndani. Hapo 40 mm uliyoweka kwenye kanuni haipo. Ukiweka 15 mm, 246 inakuwa 656. Sisemi ndiyo namba halisi, maana meno nayo yananepa na mgusano unapanuka kidogo, lakini inakuonyesha ukubwa wa jambo. Kuongeza upana kungekuwa bure kabisa.

Kikata

Sawa, la shafti nalikubali. Na moduli je? Umbali wa vitovu ni 144 mm. Moduli 4.5 kwa meno 16 na 48 inaingia palepale bila kugusa nyumba ya gia.

Bi Shafti

Inaingia, na kipenyo kinabaki 72 kwa hiyo nguvu ni ileile. Lakini meno yakipungua, shina nalo linakonda kwa kulinganisha na moduli, Y inashuka hadi 0.296 hivi:

```
12160/(40*4.5*0.296) = 228 N/mm2
```

Umepata asilimia saba tu. Na meno 16 kwa nyuzi 20 yako chini ya 17, kikata kinaanza kula shina. Mimi ningebaki na 18 ya moduli 4, nikamwomba mkataji asogeze kikata nje kidogo kwenye pinioni na ndani kwa kiasi hichohicho kwenye gia kubwa. Shina la pinioni linanenepa, vitovu havisogei. Na mviringo wa shina uwe mkubwa kadiri kikata kinavyoruhusu.

Kikata

Kusogeza kikata sikubaliani moja kwa moja. Gia kubwa itakonda shina, na kama chuma chake ni hafifu zaidi, unahamisha tatizo.

Bi Shafti

Ni hoja. Inategemea chuma cha gia kubwa, na hajatuambia.

Pinioni18

Gia kubwa ni chuma cha kutupwa, daraja silijui. Nafasi ya beringi ya tatu upande wa nje ipo, ila lazima nitoboe nyumba ya gia. Nitapima kwanza shafti inapinda kiasi gani kwa kutumia saa ya kupimia wakati breki imeshika gia kubwa. Nikipata namba nitairudisha hapa.

Nyundo_Nzito

Bi Shafti, uzi wangu nimefungua. Na mng'ao wangu mimi uko katikati.