Naomba ushauri: saa ya Kiswahili katika hadithi ya Kihispania

Ndugu wanajumuiya, ninaandika kwa Kihispania hadithi ya wasomaji wa kiwango cha kati, kuhusu wiki ya kwanza ya mwanafunzi msemaji wa Kiswahili katika jiji kubwa. Siku ya tatu anamwambia mwenzake «a las dos», akikusudia saa mbili asubuhi, kisha anasimama mlangoni mwa maktaba kwa saa sita, kwa kuwa mwenzake ameelewa saa nane mchana. Nilieleza hesabu yetu ya saa kwa aya nzima, hadithi ikapoa; nilipoifuta, kosa halikueleweka tena. Je, maelezo hayo niyatie katika mazungumzo yao wanapokutana? Na kwa kuwa desturi hiyo ingali hai, niandike «las horas se cuentan desde el amanecer» au «se contaban», ilhali masimulizi yote yako katika wakati uliopita?